Asilimia 4.7 Ilitoka Wapi? Kugawa Ukuaji wa Uchumi kwa Hesabu ya Sanduku la Bati

Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilipotangaza kwamba uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, mabishano niliyoyasikia mjini Nairobi hayakuhusu sana ile nambari yenyewe. Watu walibishana juu ya asili yake. Mmoja alisema ni barabara zilizojengwa. Mwingine alisema ni wingi wa vijana wanaoingia kazini kila mwaka. Wa tatu, aliyesoma kidogo, alisema tija imepanda kwa sababu ya simu na mitandao. Kila mmoja aliongea kana kwamba akiwa sahihi yeye, basi wenzake wamekosea.

Ukweli ni kwamba wote watatu walikuwa wakitaja vipande vya hesabu moja. Wachumi huiita uhasibu wa ukuaji. Kazi yake ni kuchukua ukuaji wa pato na kuugawa mafungu matatu: sehemu iliyoletwa na mtaji, sehemu iliyoletwa na nguvukazi, na sehemu inayobaki, ambayo ndiyo huitwa tija. Hesabu hiyo haizidi kutoa na kuzidisha, lakini imejaa mitego, na mtego mkubwa kuliko yote uko hapa kwetu, katika mabanda ya jua kali.

Kwanza tuelewane maneno. Pato ni thamani iliyoongezwa, yaani mauzo ukitoa gharama ya vitu ulivyonunua ili uzalishe. Mtaji katika hesabu hii si pesa zilizo benki wala mkopo. Ni vitu vinavyozalisha: mashine, majengo, magari, barabara, nyaya za umeme. Nguvukazi ni saa za kazi za watu. Tija ya jumla ni ule uwezo wa kupata zaidi kutoka kwa mashine zilezile na saa zilezile. Usiichanganye na tija ya mfanyakazi, ambayo ni pato ukigawa kwa idadi ya wafanyakazi. Ukimpa kijana mashine bora atatoa kazi nyingi zaidi hata kama hajajifunza lolote jipya, kwa hiyo tija yake inaweza kupanda ilhali tija ya jumla imesimama palepale.

Sasa twende Kamukunji. Mjomba wangu ana banda huko, katikati ya mlio wa nyundo usionyamaza, na kazi yake ni kutengeneza masanduku ya bati wanayobeba wanafunzi wa shule za bweni. Nilipomweleza habari hii aliniambia, "Usinieleze ya serikali kabla hujanieleza ya kwangu." Basi tulikaa na daftari lake. Nambari ninazotoa hapa nimezisawazisha ili hesabu iwe nyepesi, lakini umbo la biashara ni lile lile.

Mwaka wa kwanza aliuza masanduku ya shilingi 3,200,000. Bati, rangi, ribiti, kufuli na umeme vilikula 1,200,000. Kwa hiyo pato lake lilikuwa 2,000,000. Mwaka wa pili, baada ya kuondoa athari ya bei kupanda, pato lilifika 2,200,000. Ukuaji ni asilimia 10. Swali ni lile lile la mjini: hizo 10 zimetoka wapi?

Tuanze na mtaji. Banda, mikasi ya bati na mashine zake vilikuwa na thamani ya 2,000,000. Mwaka huo alinunua mashine ya kukunja bati kwa 500,000, lakini vifaa vya zamani vilichakaa kwa thamani ya 200,000. Nyongeza halisi ni 300,000, sawa na asilimia 15. Hivi ndivyo mtaji wa taifa zima unavyokadiriwa pia: chukua ulichokuwa nacho mwaka jana, toa kilichochakaa, ongeza kilichonunuliwa au kujengwa. Kisha nguvukazi. Ukijumlisha saa za vijana wake watatu na saa zake mwenyewe, ziliongezeka kwa asilimia 5.

Hapa wengi hujikwaa. Mtaji umekua kwa 15 na kazi kwa 5, jumla 20, na pato limekua kwa 10 tu. Je, biashara imezorota? La. Huwezi kuzijumlisha hivyo, kwa sababu mashine peke yake haitoi sanduku, na mikono mitupu haikunji bati. Lazima kila ukuaji upewe uzito wake, na uzito huo hupatikana kwa kuuliza: katika kila shilingi mia ya pato, ngapi ni malipo ya kazi, na ngapi ni malipo ya mtaji?

Sababu ya kutumia malipo ni hii. Mjomba hatamlipa kijana shilingi 900 kwa siku kama kijana huyo haongezi angalau 900 katika pato. Na kama angeongeza 2,000 wazi, jirani wa banda la pili angemnyakua kwa malipo ya juu zaidi. Palipo na ushindani, malipo hukaribia mchango. Kwa hiyo ikiwa kazi inachukua 60 katika kila mia, basi kuongeza kazi kwa asilimia 1 kunaongeza pato kwa takriban asilimia 0.6. Palipo na mnunuzi au muuzaji mmoja tu anayepanga bei atakavyo, dhana hii inayumba, na hesabu yote inayumba nayo.

Kwa mjomba, vijana watatu walilipwa jumla ya 800,000 kwa mwaka. Yeye mwenyewe hajilipi mshahara, lakini nilimuuliza angemlipa nani kiasi gani kusimamia banda kama yeye angerudi kijijini, akasema si chini ya 400,000. Tukaongeza. Kazi ikawa 1,200,000 kati ya 2,000,000, yaani asilimia 60. Mtaji ukabaki na 40. Hesabu nzima ni mstari mmoja:

```
baki = ukuaji wa pato - (fungu la mtaji x ukuaji wa mtaji) - (fungu la kazi x ukuaji wa kazi)
baki = 10 - (0.4 x 15) - (0.6 x 5) = 10 - 6 - 3 = 1
```

Katika ukuaji wa asilimia 10, mtaji ulileta 6, kazi ikaleta 3, na ile 1 iliyobaki ndiyo tija. Huenda vijana walipanga vizuri hatua za kazi. Huenda walipunguza bati linaloharibika. Daftari halisemi. Linasema tu kwamba kuna kitu kiliongezeka ambacho si mashine wala saa.

Zingatia jinsi nambari hiyo ilivyopatikana, kwa sababu maelezo mengi ya magazetini huruka hapa. Hakuna aliyepima tija. Tulipima vitu viwili, tukavitoa, tukaipa jina la tija ile baki. Ni kama kuhesabu matumizi ya mwezi: unatoa kodi, nauli, unga na karo, kisha unakuta 3,000 hazina maelezo. Zinaweza kuwa ni mambo ya maana, au ni kosa la kujumlisha. Mchumi Robert Solow alipotumia njia hii mwaka 1957 kwa takwimu za Marekani za 1909 hadi 1949, aliona kwamba pato kwa saa ya kazi lilikuwa limezidi maradufu, na kati ya ongezeko hilo mtaji ulieleza kama sehemu moja tu kati ya nane. Sehemu saba zilikuwa baki. Mwaka mmoja kabla yake, mchumi mwenzake Moses Abramovitz alikuwa amekuta baki kubwa kama hiyo, akaiita kipimo cha yale tusiyoyajua. Naliona jina hilo kuwa la haki kuliko "teknolojia," ambalo ndilo lililoenea.

Nilipomaliza, mjomba hakuridhika. "Hiyo 400,000 yangu umeitoa hewani," alisema. "Haipo kwenye daftari. Ungeniacha nje ingekuwaje?"

Swali lake ndilo kiini cha jambo hili lote, na nchini Kenya ni zito kuliko inavyodhaniwa. Tukifuata vitabu kama vilivyo, malipo ya kazi ni yale 800,000 ya vijana tu, sawa na asilimia 40. Zilizobaki, 60, zinahesabiwa kuwa faida, na faida huandikwa upande wa mtaji. Rudia hesabu kwa uzito huo. Mtaji unaleta 0.6 mara 15, yaani 9. Kazi inaleta 0.4 mara 5, yaani 2. Jumla ni 11, na pato lilikua kwa 10. Baki sasa ni hasi 1.

Banda ni lile lile, masanduku ni yale yale, watu ni wale wale. Mara ya kwanza tulisema tija yao imepanda, mara ya pili tunasema imeshuka. Tofauti yote imetokana na uamuzi mmoja: je, jasho la mwenye banda ni kazi, au ni faida ya mtaji?

Kwa taifa ambalo wengi wameajiriwa kwa mishahara yenye risiti, uamuzi huu hautikisi sana jibu. Kwetu ni tofauti. Nje ya ukulima mdogo, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wanaofanya kazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga wa Kangemi, mwenye bodaboda, kinyozi, fundi cherehani wa Gikomba: mapato ya kila mmoja wao ni mchanganyiko wa ujira wake na malipo ya kibanda chake, pikipiki yake au mashine yake. Hakuna mstari katika daftari unaotenganisha. Mwaka 2002 mchumi Douglas Gollin alionyesha kwamba ukisahihisha mapato ya waliojiajiri, fungu la kazi katika nchi nyingi, tajiri na maskini, linaangukia kati ya asilimia 65 na 80. Bila kusahihisha, nchi maskini huonekana kana kwamba mtaji ndio unaochukua sehemu kubwa ya pato. Kwa hiyo mtu akikuambia tija ya Kenya imeshuka, swali la kwanza la kumuuliza ni uzito gani aliutumia, na aliwaweka wapi waliojiajiri. Asipoweza kujibu, nambari yake usiibebe.

Mtego wa pili ulionekana wazi mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Kwa mjomba maana yake ilikuwa rahisi na chungu: hakuna bweni, hakuna sanduku. Mashine ya kukunja bati ilikuwa palepale. Vijana walikuja asubuhi, wakakaa juu ya masanduku yasiyouzwa. Mtaji haukupungua, ustadi haukupungua, lakini pato liliporomoka.

Kwa nchi nzima, uchumi ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha ukaruka kwa asilimia 7.6 mwaka 2021. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtaji ulikua kwa asilimia 4 na idadi ya wafanyakazi kwa asilimia 2 katika kila mwaka, na uzito ni 40 kwa 60. Mtaji unaleta 1.6, kazi inaleta 1.2, jumla 2.8. Baki ya 2020 inakuwa hasi 3.1. Ya 2021 inakuwa 4.8. Ukizisoma bila kufikiri utadhani Wakenya walisahau kazi kwa mwaka mmoja kisha wakapata maarifa ya ajabu mwaka uliofuata. Hakuna lililosahauliwa wala kugunduliwa kwa kiwango hicho. Madarasa na hoteli zilikaa tupu, kisha zikajaa. Sekta ya elimu peke yake ilikua kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2021, kwa sababu milango ilifunguliwa.

Kosa linatokana na kuhesabu mashine zilizopo badala ya mashine zinazofanya kazi, na kuhesabu watu badala ya saa. Vitu vikilala, hesabu haioni usingizi huo, basi unaangukia kwenye baki na kuitwa tija. Njia ya kuugundua ni kutazama dalili za matumizi: umeme uliotumiwa viwandani, vitanda vya hoteli vilivyolaliwa, mizigo iliyobebwa. Baki ikipanda na kushuka pamoja na hizo, unachokiona ni vifaa kuamka na kulala. Ndiyo maana mimi siamini baki ya mwaka mmoja. Katika mfano huu, wastani wa miaka hiyo miwili haufiki hata asilimia 1, na bado hiyo ni miaka michache mno. Miaka kumi au zaidi ndiyo huanza kusema jambo.

Barabara nazo zina mkasa wao. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilianza kutumiwa mwaka 2022. Katika hesabu ya mtaji inaingia kwa gharama iliyojengewa, si kwa faida inayoleta. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kila mradi. Mradi uliostahili shilingi bilioni 5 ukilipiwa bilioni 8, vitabu vinaandika mtaji wa bilioni 8. Mtaji unaonekana umekua sana, pato halikukua kiasi hicho, na pengo linatolewa kwenye baki. Bei zilizofurishwa hujitokeza kama tija duni, na wafanyakazi hulaumiwa kwa uvivu kwa sababu ya nambari ambayo haikuwahusu.

Hili linatuleta kwa Singapuri, nchi ambayo wanasiasa wetu huitaja mara kwa mara. Mwaka 1995 mchumi Alwyn Young alichapisha hesabu ya nchi nne za Asia Mashariki. Singapuri ilikuwa imekua kwa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka kati ya 1966 na 1990, na watu wengi walidhani kuna siri ya ustadi ndani yake. Young alipotoa mtaji na kazi, baki yake ilikuwa takriban asilimia 0.2 kwa mwaka. Karibu ukuaji wote ulikuwa na maelezo ya kawaida: sehemu ya watu walio kazini ilipanda kutoka asilimia 27 hadi 51, na uwekezaji kutoka asilimia 11 ya pato hadi zaidi ya 40. Fikiria nyumba ambayo zamani mmoja kati ya wanne alifanya kazi, na sasa ni mmoja kati ya wawili, tena wakijibana kununua vifaa. Mapato yatapanda sana, lakini huwezi kurudia hatua hiyo, kwa sababu asilimia 51 haiwezi kuwa 102.

Hata hivyo kesi haikufungwa. Mchumi mwingine, Chang-Tai Hsieh, mwaka 2002, alitazama upande wa malipo badala ya upande wa vitu. Hoja yake inaeleweka vizuri ukiwa Kamukunji. Mtu akikuambia mtaani kumejaa mashine za kukunja bati kuliko zamani, bila mbinu mpya yoyote, utatarajia bei ya kukodi mashine ishuke. Ukikuta haijashuka, lazima ushuku: ama kuna mbinu mpya inayozipa kazi, ama mashine si nyingi kama ilivyoandikwa. Hsieh alikuta kwamba malipo ya mtaji nchini Singapuri hayakuwa yameshuka kama hesabu za vitu zilivyodai, na kwa njia yake tija ilikua kwa kasi kubwa zaidi. Nchi moja, miaka ile ile, majibu mawili yaliyoachana mbali, na chanzo cha tofauti ni namna mtaji ulivyohesabiwa.

Kuna dhana potofu ambayo ningependa tuiache kabisa, nayo ni kuchukua mchango kuwa chanzo. Hesabu iliposema mtaji ulileta 6 katika zile 10 za mjomba, wengi watasema mashine ndiyo iliyomwinua. Lakini nilipomuuliza kwa nini alinunua mashine ile, alinieleza kwamba kijana wake mmoja alikuwa amebuni sanduku lenye pembe zilizokunjwa mara mbili, lisiloingiza maji. Wazazi walilipenda, oda zikaongezeka, na mikono ikashindwa kukunja pembe hizo kwa kasi. Ndipo akanunua mashine. Wazo lilikuja kwanza, mashine ikafuata, na saa za ziada zikafuata mashine. Uhasibu wa ukuaji unaandika mashine chini ya mtaji, saa chini ya kazi, na wazo lenyewe unaliachia sehemu ya ile 1.

Mjomba aliitazama ile 1 kwa muda, kisha akamwita yule kijana aje aone mahali alipoandikwa.